Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: hela uliyotumia kumpata mteja wa kulipia kila mwezi inarudi baada ya miezi mingapi?

Tuna apu ya kusimamia duka, tupo Dar, wateja wetu ni wenye maduka ya rejareja, mamangi wa Sinza na Mbagala, maduka ya vipodozi, wachache wa Kariakoo. Wanalipa elfu 25 kila mwezi kwa simu. Kila nikikaa na wenzangu wenye biashara za kulipia kwa mwezi (wa intaneti ya mtaani, wa gym, wa kupeleka maji majumbani) maswali ni yaleyale, nikaona niyaandike yote sehemu moja. Hesabu ni za kwetu ila namba nimezinyoosha kidogo ili zigawanyike vizuri, usije ukadhani ndo bei za soko.

Kwanza hicho kitu chenyewe ni nini?

Umetumia hela kumpata mteja. Hiyo hela hairudi siku anayojiunga, inarudi kidogokidogo kila anapolipa mwezi. Sasa swali ni atalipa mara ngapi mpaka ile hela uliyotoa mfukoni iwe imerudi yote. Basi. Ukisikia tunasema "mteja wetu anarudisha kwa miezi 5" maana yake malipo yake matano ya kwanza yanafidia gharama ya kumpata, kuanzia la sita ndo anaanza kukuletea cha kwako.

Si nachukua tu gharama nagawanya kwa elfu 25?

Hapana, na hapa ndo wengi tunaanguka, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilianguka vibaya. Ile elfu 25 sio yako yote. Mteja akilipa, kuna watu wanachukua chao kabla yako: kampuni ya malipo, kampuni ya meseji, seva, na kijana anayepokea simu zake saa tatu usiku akisema "stoku yangu imepotea" kumbe kafungua duka la pili kwenye apu. Kinachorudisha hela ya kumpata ni kile kinachobaki baada ya hao wote, na ndicho cha kugawanyia.

Hicho kinachobaki mnakipataje?

Unauliza swali moja tu: nikipata mteja mmoja zaidi mwezi huu, ni gharama gani inaongezeka kwa sababu yake yeye? Kwetu ziko nne. Makato ya malipo kama asilimia 3, hiyo ni 750. Meseji, maana apu inawatumia wadaiwa wa duka vikumbusho na risiti, duka la kawaida linatumia kama meseji 150 kwa mwezi, kila moja tunanunua shilingi 20, jumla 3,000. Seva na kuhifadhi nakala 1,250. Halafu kijana wa huduma kwa wateja, tunamlipa laki 6 na anaweza kuhudumia maduka 150 bila kuchanganyikiwa, kwa hiyo kila duka linabeba 4,000.

Jumlisha hapo unapata 9,000. Toa kwenye 25,000, inabaki 16,000 kwa kila mteja kila mwezi.

Sasa hiyo 4,000 ya huduma ina mtego. Ni 4,000 kama kweli kijana ana maduka 150. Sisi kuna kipindi tulikuwa na maduka 90 na kijana ni yuleyule, mshahara ni uleule, maana yake kila duka lilibeba kama 6,700 na kinachobaki kilishuka mpaka 13,300 na kitu. Usiandike gharama ya siku ambayo kila kitu kitakuwa kimejaa, andika ya mwezi huu. Na meseji nazo ziangalie vizuri, duka la dawa au la hadwea lenye wadaiwa wengi linaweza kutuma meseji 600 na hapo 12,000 imeshaondoka kwenye meseji peke yake. Sisi baada ya kuona hivyo tukaweka kikomo cha meseji 200, ukizidisha unanunua bando la meseji mwenyewe.

Na kama umesajiliwa VAT na bei yako ina VAT ndani, itoe kwanza kabla ya kitu chochote. Kwa asilimia 18, elfu 25 inayosomeka kwenye simu ni kama 21,186 tu mkononi mwako, hiyo nyingine ni ya serikali, imepita tu kwako kusalimia.

Na kwenye gharama ya kumpata mteja naweka nini?

Kila ulichotoa ili mtu ambaye hakuwa mteja awe mteja anayelipa. Wengi wanaweka matangazo ya Facebook na Instagram wanaishia hapo kwa sababu ndo ile hela inayouma, unaiona inakatwa kwenye kadi. Lakini hebu angalia mwezi wetu mmoja, tuuite mwezi wa tatu:

Matangazo milioni 1.2. Mawinga wawili wanaozunguka mtaani mlango kwa mlango, mshahara laki 4 kila mmoja na laki 1 ya nauli na vocha, jumla milioni 1. Vipeperushi na stika za kubandika dukani 120,000. Kamisheni ya elfu 10 kwa anayemfungia mteja, awe ametoka kwenye tangazo au mtaani, na waliolipa walikuwa 50, kwa hiyo laki 5. Kuna kijana anaenda dukani kumwingizia mteja stoku yake, maana mangi hawezi kukaa kuandika bidhaa 400 kwenye simu, ukimwachia mwenyewe haanzi kabisa, huyo na bodaboda zake ni laki 7. Halafu kuna kile ambacho karibu kila mtu anakisahau, majaribio ya bure. Tunatoa wiki mbili bure. Walijaribu watu 120 na kila anayejaribu anatula kama 4,000 ya meseji, seva na simu, hapo ni 480,000, na 70 kati yao hawakulipa hata senti. Hao 70 wanalipiwa na wale 50, hamna mwingine wa kuwalipia.

Jumla milioni 4. Gawanya kwa 50 waliolipa, sio kwa 120 waliojaribu wala kwa walio-like ukurasa. Ni elfu 80 kwa kila mteja.

Haya weka hesabu yote pamoja nione.

```
4,000,000 / 50     = 80,000   (kumpata mmoja)
25,000 - 9,000     = 16,000   (kinachobaki kwa mwezi)
80,000 / 16,000    = 5        (miezi)
```

Sasa linganisha na hesabu niliyokuwa napiga zamani. Nilikuwa nachukua matangazo tu, milioni 1.2 kwa 50 nikapata 24,000, nikagawanya kwa bei nzima ya 25,000, nikamwambia mwenzangu tuliyechanga naye mtaji kwamba hela inarudi ndani ya mwezi mmoja, tuongeze matangazo mara tatu. Tukaongeza. Mwezi wa pili tukachelewesha mshahara wa mawinga na hatukuelewa hela imeenda wapi, wateja wapo, wanalipa, akaunti haina kitu. Nilikuwa nimekosea juu na chini ya mstari kwa wakati mmoja, juu nimepunguza gharama, chini nimeongeza kipato, na makosa yote mawili yanavuta upande mmoja.

Mbona mshahara wa programa na kodi ya ofisi havimo?

Kwa sababu haviongezeki ukipata mteja wa 51. Programa analipwa hata tusipopata mtu. Hivyo vinalipwa na kile kinachobaki baada ya mteja kurudisha gharama yake, na ndo maana mteja kurudisha kwa miezi 5 sio sawa na biashara kupata faida. Unaweza kuwa na miezi 5 safi kabisa na bado ukawa unakula mtaji kwa sababu wateja ni wachache kuliko mishahara. Ni maswali mawili tofauti, usiyachanganye kwenye seli moja ya Excel.

Hiyo miezi 5 imechukulia kwamba wote 50 wanaendelea kulipa. Wakiondoka je?

Ndio, hapa ndo pana nyama yenyewe. Hesabu ya juu inadhani mteja hafi, hahami, hafungi duka. Kariakoo na mtaani sio hivyo.

Njia niliyoizoea ni kuacha kuhesabu miezi na kuanza kuhesabu malipo. Milioni 4 ukigawanya kwa 16,000 unapata 250. Maana yake rika lile la mwezi wa tatu (naita rika kwa sababu wameingia pamoja, kama watu waliotiwa jando mwaka mmoja) linatakiwa lilipe mara 250 kwa jumla, haijalishi nani analipa. Wakibaki wote 50 ni miezi 5 kamili. Lakini hawabaki, kwa hiyo unakaa na daftari unahesabu malipo yanayoingia kutoka rika hilo tu mpaka yafike 250.

Rika letu lilikwenda hivi. Mwezi wa kwanza walilipa 50, ndo maana tunawaita wateja. Mwezi wa pili 39. Wa tatu 36, kisha 34, 33, 32, 31. Ukijumlisha unavyoenda: 50, 89, 125, 159, 192, 224, 255. Kwa hiyo 250 ilipita kwenye mwezi wa saba. Hesabu yangu ya zamani ya matangazo tu ilisema mwezi mmoja, hesabu ya mezani ikasema mitano, daftari likasema saba.

Angalia pia wanaondoka lini. 11 wameondoka kati ya malipo ya kwanza na ya pili, baada ya hapo ni mmoja au wawili au watatu kwa mwezi. Tulipowapigia simu hao 11 wengi walikuwa hawajaingiza mauzo hata wiki moja mfululizo, walilipa kwa kumuonea winga aibu. Kwa hiyo sisi tukabadilisha, winga anapata kamisheni yake mteja akilipa mara ya pili, sio ya kwanza. Rika lililofuata lilianza na watu 41 tu badala ya 50, na mawinga walinuna, lakini mwezi wa pili walibaki 37.

Naweza kukadiria bila kusubiri miezi saba?

Unaweza, kama unajua kwa wastani asilimia ngapi wanaondoka kila mwezi. Tuseme asilimia 6. Kwenye Excel unaandika:

```
=LN(1-5*0.06)/LN(1-0.06)
```

Hiyo 5 ni ile miezi ya mezani, 0.06 ni wanaoondoka. Inatoa 5.76, yaani kwenye malipo ya sita. Weka asilimia 10 unapata 6.58, malipo ya saba. Ila kumbuka fomula inadhani wanaondoka kwa kasi ileile kila mwezi, na umeona rika letu lilivyoanguka mwezi wa pili halafu likatulia. Ni makadirio ya kuanzia tu, daftari likiwa tayari liamini daftari.

Nimeweka asilimia 20 inaniletea error. Nimekosea wapi?

Hujakosea, Excel inakwambia hela hiyo hairudi. Wakiondoka asilimia 20 kila mwezi, mteja wa wastani atalipa mara 5 maisha yake yote kwako (1 gawanya kwa 0.20), na hiyo ni ukisubiri mpaka wa mwisho kabisa aondoke. Wewe unahitaji 5 ili kurudisha tu. Kwa hiyo unaisogelea bila kuifika. Ukizidi asilimia 20 hata kuisogelea hausogelei, kila mteja mpya anakuongezea hasara na ukimwaga hela ya matangazo unaharakisha tu.

Kwa hiyo namba hizo mbili zisome pamoja siku zote. Miezi 5 kwenye biashara inayopoteza asilimia 3 ni raha, miezi 5 ileile kwenye inayopoteza 18 ni kamba shingoni.

Wateja wangu wanaruka mwezi halafu wanarudi, niwahesabu wameondoka?

Hili ni la kwetu kabisa, maana huku mteja halipi kwa kadi inayojikata yenyewe, analipa kwa simu akiwa nayo. Januari ada za shule zimembana anaruka, Februari huyu hapa. Ukihesabu wateja utachanganyikiwa yupo hayupo, ndo uzuri wa kuhesabu malipo: amelipa, weka moja, hajalipa, weka sifuri, mwezi ujao akirudi weka moja kwenye rika lake lilelile la zamani, usimhamishie kwenye rika jipya kana kwamba ni mteja mpya. Nimeona mtu anafanya hivyo bila kujua kwa sababu mfumo wake ulikuwa unafungua akaunti mpya kila mtu anaporudi na namba nyingine ya simu, akawa anajisifu gharama ya kumpata imeshuka kumbe nusu ya "wapya" ni walewale.

Ila kama huyo anayeruka seva inamtunzia data na meseji zinaendelea kwenda, basi anakula bila kulipa. Sisi siku ya tano bila malipo meseji zinasimama.

Kuna wanaokuja wenyewe, wameambiwa na jirani. Nao niwaweke?

Waandike ila pembeni. Mwezi ule wa tatu walikuja wengine 8 kwa kuambiwa na mwenye duka mwenzao, hawamo kwenye wale 50, na gharama ya kwenda kuwaingizia stoku niliitenga. Ukiwachanganya, gharama ya kumpata inaonekana ndogo, unafurahi unaongeza hela ya matangazo, lakini matangazo hayakuwaleta hao, waliletwa na jirani. Hela ya matangazo ipimwe kwa watu iliyowaleta.

Basi na matangazo na mawinga pia vitenganishwe?

Vitenganishwe ndio. Tulipouliza kila mteja "umetusikia wapi" na kuandika siku hiyohiyo, sio kukumbuka mwisho wa mwezi, ilitoka hivi: 20 walitoka kwenye matangazo, 30 kwa mawinga. Matangazo yalileta wajaribuji 80 wakalipa 20, mawinga 40 wakalipa 30, kwa sababu winga anamuona mtu usoni, anajua huyu ana daftari la madeni limejaa na huyu anatania. Tulipogawa gharama zote kila moja upande wake, kamisheni na majaribio na kijana wa stoku, kwa bahati kila upande ukabeba milioni 2. Kwa hiyo mteja wa tangazo ni laki 1, anarudisha kwa miezi 6 na kidogo. Wa winga ni kama 66,700, miezi 4 na kidogo.

Hapo mtu atasema basi fukuza matangazo ajiri mawinga kumi. Polepole. Winga wa tatu atapewa mitaa ambayo wale wawili waliikwepa, na mteja wake hatagharimu 66,700. Hizo ni namba za hela iliyokwishatumika, hela inayofuata huwa inaleta mteja ghali zaidi kidogo. Ongeza mmoja, subiri rika lake lifike angalau malipo ya tatu, ndo uamue.

Nimlipe winga kamisheni mara moja au asilimia ya kila mwezi?

Zote zinakubalika ila zinakaa sehemu tofauti kwenye hesabu. Ya mara moja inaingia kwenye gharama ya kumpata. Ya kila mwezi inakata kinachobaki, kwa sababu kila mteja akilipa winga naye anachukua. Mfano badala ya elfu 10 ya mkupuo umpe 2,500 kila mwezi mteja anapolipa: kumpata inashuka mpaka elfu 70, kinachobaki kinashuka mpaka 13,500, hela inarudi kwa miezi 5 na kidogo badala ya 5. Inachelewa kidogo lakini winga anamfuatilia mteja wake asiondoke, na akiondoka nawe unaacha kulipa. Ubaya ni kwamba mteja akikaa miaka mitatu umemlipa winga elfu 90. Wengine wanaweka kikomo cha miezi 6, naona ni sawa.

Miezi mingapi ndo mizuri?

Wenye kampuni za programu za kule Marekani wanapenda kutaja miezi 12, kwamba chini ya hapo ni vizuri. Lakini wengi wao wanauzia makampuni, mikataba ya mwaka, na nyuma kuna mwekezaji anasubiri. Wewe unamuuzia mangi anayeweza kukata kesho na mtaji wako ni wa kuchanga au wa mkopo wa kikundi. Kipimo changu ni hela ulizonazo na wateja wako wanakaa muda gani. Kama nusu ya rika huwa imeshaondoka mwezi wa nane, na hela yako inarudi mwezi wa tisa, hiyo hesabu haiishi vizuri.

Kwa nini nikiongeza wateja ndo hela inazidi kukata?

Kwa sababu kila rika jipya linachimba shimo kabla la zamani halijafukiwa. Chukua rika letu lilelile, milioni 4 kila mwezi, watu 50 kila mwezi, wanaanza kulipa mwezi unaofuata na wanapungua kama nilivyoonyesha juu. Mwezi wa kwanza umetoa milioni 4, hujapokea kitu. Wa pili umetoa milioni 4 umepokea kinachobaki cha watu 50, laki 8. Wa tatu umetoa milioni 4, sasa wanaolipa ni 89, umepata milioni 1.4 na kitu. Endelea hivyo. Mwezi wa nane ndo kwa mara ya kwanza kinachoingia kinazidi kidogo kinachotoka, na mpaka hapo shimo limefika karibu milioni 14.6. Hiyo ndo hela unayotakiwa uwe nayo pembeni kabla hujaanza kuleta watu 50 kila mwezi, na hapo bado hujamlipa programa.

Ukitaka kuleta 100 kila mwezi shimo linakuwa mara mbili. Biashara inaweza kuwa nzuri tu, kila mteja anarudisha, na ukafa katikati ya shimo kwa sababu hukujua kina chake.

Nikiwapa punguzo walipe mwaka mzima, si hela inarudi siku hiyohiyo?

Kwa upande wa keshi ndio. Sisi mwaka tunauza kwa 250,000, lipa kumi tumia kumi na mbili. Toa makato ya malipo 7,500 na elfu 80 ya kumpata, mkononi una 162,500 siku ya kwanza na shimo halipo.

Lakini hiyo hela haijawa yako. Una miezi 12 ya kumhudumia, meseji, seva na simu ni 8,250 kwa mwezi, kwa mwaka 99,000. Ukiila yote kwenye matangazo mwezi huohuo, Oktoba unamtumia meseji mteja wa Januari kwa hela ya mteja wa Septemba. Na kwa upande wa kinachobaki umejipunguzia: mwaka mzima anakuachia 143,500, kama 12,000 kwa mwezi badala ya 16,000, kwa hiyo kwa hesabu ya kinachobaki ni kama miezi 6.7 sio 5. Mimi naandika zote mbili, keshi imerudi lini na kinachobaki kimerudisha lini. Na hela ya huduma ya mwaka tunaitenga kwenye namba nyingine ya simu ambayo mwenzangu ndo ana PIN, sio mimi, anajua kwa nini.

Dola ikipanda?

Matangazo na seva tunalipa kwa dola, mteja analipa shilingi, kwa hiyo ikipanda inakubana pande zote mbili. Kwetu seva ni ndogo haiumizi sana, matangazo ndo yanauma: yakipanda asilimia 10, milioni 1.2 inakuwa 1.32, kumpata mmoja inapanda kutoka 80,000 mpaka 82,400. Sio mwisho wa dunia. Mwaka 2023 dola zilipoadimika shida kubwa ilikuwa kadi kukataliwa katikati ya mwezi, matangazo yanasimama, mawinga wanaendelea kulipwa, wateja wachache, gharama ya kila mmoja inapaa. Mwezi kama huo uwekee alama kwenye daftari ili usije ukautumia kupangia mwaka.

Daftari lenyewe linakaaje?

Shiti moja. Kila mstari ni rika la mwezi, yaani walioanza kujaribu mwezi huo hata kama wamelipa unaofuata, maana hela uliyotumia Machi mara nyingi inaleta malipo ya Aprili na ukigawanya Machi kwa Machi unapata upuuzi. Safu ya kwanza jumla ya gharama za rika hilo, ya pili kinachobaki kwa mteja mwezi huo, ya tatu malipo yanayohitajika (kwetu ile 250), halafu kuanzia ya nne idadi ya waliolipa kila mwezi. Jumla ya malipo ikifika ile namba, paka seli kijani. Sisi tunajaza tarehe 3 ya kila mwezi, sio tarehe 1, kwa sababu mamangi wengi wanalipa tarehe 1 na 2 wakishafunga hesabu zao, ukijaza mapema utadhani umepoteza watu kumbe bado wanahesabu droo.